Mpwa wangu asema mdororo waja, ninunue dhahabu. Mzee hataki kusikia

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mkaazi wa Kisumu upande wa Mamboleo. Kiinua mgongo changu kiliingia miezi michache iliyopita. Nimelipa deni la sacco, nikamalizia paa la jikoni, na sasa zimebaki shilingi 1,400,000. Hizo ndizo zimeniletea vita nyumbani.

Mwana wa mdogo wangu anafanya kazi Nairobi na hufuatilia sana masoko ya Marekani. Ameniambia hivi: "Mama mkubwa, kule Marekani riba ya mikopo ya muda mfupi ilipanda ikapita ya muda mrefu. Mstari ukapinduka kwa miaka miwili. Kila ukipinduka, mdororo wa uchumi hufuata, na huja hasa mstari ukishanyooka. Sasa umenyooka. Watu wakiogopa watakimbilia dhahabu, na atakayekuwa ameshanunua ndiye atakayecheka." Akanionyesha kwenye simu mchoro wa bei ya dhahabu kwa shilingi. Kwa kweli unapanda kama ngazi.

Anataka nitoe 800,000. Nusu tununue dhahabu mbichi kwa mtu anayemjua anayeitoa Ikolomani, nusu tununue hisa za dhahabu kwenye soko la Nairobi. Yeye mwenyewe ameshaweka akiba yake yote huko.

Mzee wangu hataki hata kusikia. Anasema dhahabu ni ya mtu aliyeshiba, na kwamba tumalizie vyumba vinne vya kupangisha kwenye ploti yetu ya Ahero. Kitinda mimba wetu yuko mwaka wa pili Maseno na karo yake inanitegemea mimi. Siku hizi tunakula chakula cha jioni bila kusemezana.

Niambie ukweli, Mshauri. Huo mstari uliopinduka na hofu ya mdororo huipandisha dhahabu kweli, au ni hadithi? Na nitamkatalia vipi mmoja wao bila kuvunja nyumba?

Mwalimu Mstaafu, Kisumu

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu wangu,

Ulifundisha hesabu, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyezoea kuuliza "umepataje hapo?" Kijana wako hakudanganyi. Anayoyasema kuhusu mstari yametokea kweli, na dhahabu imepanda kweli. Shida ni kwamba ameunganisha mambo matatu kwa kamba moja: mstari kupinduka, mdororo kuja, na dhahabu kupanda. Kila fundo la kamba hiyo linahitaji kuvutwa lionekane kama limekaza.

Tuanze na mstari wenyewe. Serikali ya Marekani hukopa kwa muda mfupi na kwa muda mrefu, na kwa kawaida anayekopesha kwa miaka 10 hulipwa riba kubwa kuliko anayekopesha kwa miaka 2, kwa sababu amefunga pesa yake muda mrefu. Mstari hupinduka pale riba ya miaka 2 inapopita ya miaka 10. Hilo hutokea Benki Kuu ya Marekani ikiwa imepandisha riba juu ili kuua mfumko wa bei, huku wenye pesa wakiamini kwamba riba hiyo haitadumu, kwamba uchumi utachoka na benki italazimika kuishusha. Basi wanakimbilia kufunga riba ya leo kwa miaka 10, hata kama ni ndogo kidogo. Kwa hiyo mstari uliopinduka unakuambia mambo mawili kwa wakati mmoja: riba ya leo iko juu, na watu wanatarajia ishuke.

Hapo ndipo dhahabu inapoingia. Dhahabu haizai. Ukiiweka kabatini mwaka mzima, utaikuta vilevile. Kwa hiyo gharama ya kuishika ni ile riba ambayo ungeipata pengine, ukiondoa mfumko wa bei. Wachumi huiita riba halisi. Benki ikikupa asilimia 5 na bei za vitu zikapanda asilimia 2, riba halisi ni 3, na mwenye dhahabu anaikosa hiyo 3 kila mwaka. Bei zikipanda asilimia 7 huku benki ikikupa 5, mwenye pesa benki ndiye anayeliwa, na dhahabu inapendeza.

Sasa tazama, Mwalimu. Wakati mstari umepinduka, riba ya muda mfupi iko juu. Maana yake, kipindi chenyewe cha kupinduka ndicho kipindi ambacho kushika dhahabu huwa ghali. Kinachoisaidia dhahabu ni riba kushuka, na hilo huja baadaye, wakati mwingine baada ya mwaka mmoja au miwili, na kabla halijafika unaweza kupitia bonde refu.

Nikupitishe kwenye mfano mmoja pole pole, ule wa 2006 hadi 2009, kwa sababu ndio ambao wengi huutaja bila kuupitia hatua kwa hatua.

Mstari ulipinduka mapema 2006 na ukabaki hivyo, kwa kutoka na kurudi, hadi katikati ya 2007. Mei 2006 aunsi moja ya dhahabu ilikuwa imepita dola 700. Wiki chache baadaye ilikuwa imeporomoka chini ya 600, na mstari bado umepinduka. Aliyenunua Mei kwa sababu alisoma kwamba mstari umepinduka alikaa zaidi ya mwaka akiangalia hasara. Riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 5.25 na haikuwa na haraka ya kwenda popote.

Septemba 2007 benki ikaanza kuishusha. Hapo dhahabu ikaamka. Machi 2008 ilipita dola 1,000 kwa mara ya kwanza katika historia. Mpaka hapo nadharia ya kijana wako inang'aa: mstari ulipinduka, ukanyooka, riba ikashuka, dhahabu ikapaa.

Kisha hofu yenyewe ikafika. Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilianguka. Siku chache za kwanza dhahabu iliruka, ikapita 900. Lakini Oktoba, wakati dunia nzima imeshika kichwa, ilishuka hadi karibu 700. Kutoka kilele cha Machi hiyo ni hasara ya kama asilimia 30, na imetokea kwenye mwezi ambao mtu yeyote angeapa kwamba dhahabu haiwezi kushuka.

Kwa nini? Kwa sababu mifuko mikubwa ya uwekezaji ilikuwa imekopa ili kununua vitu vingi, na vitu hivyo vilipoanguka, waliowakopesha walidai pesa papo hapo. Ukidaiwa leo huuzi kile unachotaka kuuza, unauza kile chenye mnunuzi. Dhahabu ina mnunuzi siku zote, basi ikauzwa. Na kila mtu alikuwa anatafuta dola, dola ikapanda thamani, na kitu kinachopimwa kwa dola kikaonekana kushuka. Machi 2020 ilikuwa vivyo hivyo: dhahabu ilitoka karibu dola 1,700 hadi chini ya 1,500 kwa muda usiofika wiki mbili, na kufika Agosti ilikuwa imepita 2,000. Aliyeweza kusubiri miezi mitano alicheka. Aliyelazimika kuuza Machi, shule zimefungwa na biashara imesimama, aliuzia bondeni.

Nikurudishe 2008 kwa jambo moja zaidi. Mdororo ule ulianza Desemba 2007, lakini kamati ya wachumi ya NBER, ambayo ndiyo hutangaza rasmi midororo ya Marekani, iliutangaza Desemba 2008, mwaka mzima baadaye. Kufikia siku hiyo dhahabu ilikuwa imeshapanda, ikashuka, na imeanza kupanda tena. Anayesubiri habari ya mdororo ndipo anunue husoma gazeti la jana. Anayenunua kabla hajui kama bonde liko mbele yake au nyuma.

Na usidhani kila mdororo hufuata njia hiyo. Mwaka 1981 mstari ulikuwa umepinduka na mdororo ukaja, lakini dhahabu iliyokuwa imegusa dola 850 mwanzoni mwa 1980 ilikuwa kama 300 kufikia katikati ya 1982. Benki Kuu chini ya Paul Volcker ilikuwa imepeleka riba hadi karibu asilimia 20. Nani angeshika chuma kisichozaa? Mwaka 2000 mstari ulipinduka tena, mdororo ukaja 2001, na dhahabu ilizunguka kati ya 255 na 300 kama mtu asiye na safari. Kwa hiyo fundo la kati ya mdororo na dhahabu ni legevu. Kilichokaza zaidi, kwa miaka mingi, ni kile cha riba halisi.

Nimesema kwa miaka mingi kwa makusudi, maana kipindi hiki cha mwisho, ambacho ndicho kijana wako anakitazama, kimekuwa cha ajabu. Mstari ulipinduka Julai 2022 na kunyooka karibu Septemba 2024. Miezi ya kwanza ilifuata kitabu: Machi 2022 dhahabu ilipita dola 2,000, benki ikapandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 4 mwaka huohuo, na kufikia Oktoba na Novemba dhahabu ilikuwa kwenye 1,630 hivi. Baada ya hapo kitabu kikafungwa. Riba halisi ilibaki juu, na dhahabu ikapanda hata hivyo, hadi Oktoba 2025 ikapita dola 4,000. Na katika miaka yote ile miwili ya kupinduka, mdororo haukutangazwa.

Basi ilipandishwa na nini? Sehemu kubwa ni benki kuu za nchi mbalimbali. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi za Magharibi zilizuia akiba ya Urusi iliyokuwa nje kwa dola na euro. Benki kuu nyingine zikajifunza kwamba akiba iliyoandikwa kwenye daftari la mwenzako inaweza kufungiwa, na dhahabu iliyo kwenye ghala lako haiwezi. Mwaka 2022, 2023 na 2024 zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka. Wanunuzi hao hawaangalii mstari wala hawajali kama dhahabu inazaa.

Ukiwa unasahihisha mtihani, Mwalimu, huyu ni mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi. Utampa alama ya jibu, lakini hutamwachia afundishe darasa njia hiyo, kwa sababu swali linalofuata litamwangusha. Ikiwa dhahabu ilipandishwa na benki kuu, basi swali la kumuuliza ni kama zitaendelea kununua kwa bei ya leo. Kunyooka kwa mstari hakulijibu swali hilo.

Hata huko kunyooka kwenyewe kuko kwa aina mbili. Mstari unaweza kunyooka kwa sababu riba ya muda mfupi imeshuka, na hiyo kwa kawaida ni habari njema kwa dhahabu. Unaweza pia kunyooka kwa sababu riba ya miaka 10 imepanda, watu wakidai malipo zaidi kwa sababu ya mfumko wa bei au madeni ya serikali, na hapo dhahabu huweza kwenda upande wowote. Kati ya Septemba na Desemba 2024 yote mawili yalitokea pamoja: benki ilishusha riba kwa asilimia 1 nzima, na riba ya miaka 10 ikapanda. Mwombe kijana akufungulie tovuti ya FRED na mwandike T10Y2Y, muone tofauti ya riba ya miaka 10 na ya miaka 2. Kisha mwandike DFII10, muone riba halisi ya miaka 10. Kaeni wawili, mfungue pia DGS2 na DGS10, muulize ncha ipi ilisogea. Nadhani mazungumzo hayo yatakusaidia kuliko kumkatalia kwa mdomo.

Sasa nije kwenye ule mchoro wa shilingi uliokuvutia, kwa sababu hapo ndipo naona hatari kubwa iliyojificha.

Wewe hununui dhahabu kwa dola. Unanunua na kuuza kwa shilingi, kwa hiyo umeshika vitu viwili bila kujua: dhahabu, na dola. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa shilingi 113 hivi na aunsi ya dhahabu dola 1,800 hivi. Mwisho wa 2023 dola ilikuwa 157 na dhahabu dola 2,060. Kwa dola, dhahabu ilipanda kama asilimia 14. Kwa shilingi, ilitoka kama 203,000 hadi 323,000, karibu asilimia 60. Ile ngazi uliyoiona kwenye simu, vipandio vyake vingi katika miaka hiyo ni shilingi yetu ikishuka. Mmarekani na mstari wake hawahusiki sana.

Na shilingi ikigeuka? Tuchukue 800,000 zako na tujifanye ulinunua mwisho wa Januari 2024. Dola ilikuwa karibu shilingi 160, dhahabu kama dola 2,040, kwa hiyo aunsi ilikuwa shilingi 326,400. Ungepata aunsi mbili na nusu, chembe kidogo pungufu. Februari serikali ikakopa upya nje kwa bondi ya dola na kulipa sehemu kubwa ya ile iliyokuwa inaiva Juni, hofu ikapungua, shilingi ikapata nguvu. Mwisho wa Machi dola ilikuwa kama 132 na dhahabu imepanda hadi kama 2,220. Fanya hesabu: shilingi 293,040 kwa aunsi. Dhahabu imepanda karibu asilimia 9 duniani, na wewe Mamboleo umepoteza asilimia 10. Zile 800,000 zingekuwa kama 718,000. Katika wiki hizohizo, bili za Serikali za siku 91, yaani kuikopesha Serikali kwa muda mfupi, zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16 kwa mwaka.

Sisemi hivyo kukutisha na dhahabu. Ukiona kwamba kinachokutia hofu hasa ni shilingi kuanguka, basi dhahabu ni kinga ya hofu hiyo na ina maana kwako. Lakini itakuwa umeinunua kwa sababu yako ya Kisumu, na hutahitaji kukesha ukiangalia mstari wa Marekani.

Kuhusu namna ya kununua, naomba unisikilize kwa makini zaidi hapa kuliko penginepo.

Dhahabu mbichi ya Ikolomani. Eneo lile la Kakamega lina dhahabu kweli, tangu enzi za mgodi wa Rosterman, na wapo wachimbaji waaminifu wanaoipata kwa jasho. Ila kwa Sheria ya Madini ya 2016, kufanya biashara ya madini bila leseni ni kosa. Mtu anayekuuzia bila karatasi anakupa mali ambayo nawe huwezi kuiuza kwa uwazi. Utaiuza kwa bei ya kificho. Halafu kuna swali la kilichomo. Dhahabu mbichi huwa na madini ya fedha ndani yake, na kiasi hubadilika kutoka mwamba hadi mwamba, kwa hiyo gramu 10 kwenye mizani si gramu 10 za dhahabu. Kipimo cha kuzamisha kwenye maji hukamata shaba, kwa sababu shaba ni nyepesi sana kwa ukubwa uleule. Hakimkamati aliyetia tangsteni, ambayo uzito wake karibu unalingana na wa dhahabu. Kama muuzaji anakataa mwende pamoja kwa sonara mnayemchagua ninyi mkapime kabla hela haijatoka, umeshapata jibu.

Vito vya sonara ni halali na vinapendeza, lakini kama akiba vina tundu. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, gramu ya dhahabu safi ni shilingi 10,000. Mkufu wa gramu 10 wa karati 18 una dhahabu robo tatu, gramu 7.5, yaani mali ya 75,000. Sonara ataongeza ufundi na faida akuuzie 95,000. Ukirudi mwakani anaununua kama chuma cha kuyeyusha, labda 68,000. Dhahabu italazimika kupanda asilimia 40 ndipo urudishe pesa yako. Ukinunua mkufu, nunua kwa sababu utauvaa.

Zile hisa za dhahabu ni NewGold, zilizoorodheshwa kwenye soko la Nairobi tangu 2017. Kila kipande kinawakilisha karibu moja ya mia ya aunsi iliyo ghalani, ukiondoa ada. Hii ndiyo njia safi zaidi kati ya tatu, na unahitaji akaunti ya CDS ya kutunzia hisa na wakala wa hisa. Dosari yake ni kwamba mauzo yake hapa kwetu ni haba. Unaweza kutaka kuuza Jumatatu ya karo na usipate mnunuzi, au umpate anayetaka bei ya chini. Kabla ya kununua, muulize wakala lini mara ya mwisho ziliuzwa, ngapi, na tofauti ilikuwa kiasi gani kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji.

Sasa nyumbani. Mzee anasema dhahabu ni ya aliyeshiba, na kwa pesa ya karo yuko sahihi kabisa. Umeona 2008: inaweza kupungua kwa robo au zaidi wakati mbaya kuliko wote, na kufaa kwake kunategemea kama unaweza kukaa nayo. Karo ya Maseno haisubiri. Miaka miwili iliyobaki ya mtoto, pamoja na pesa ya ugonjwa, ningeiondoa mezani kabla hata mjadala haujaanza. Bili za Serikali unaweza kuzinunua mwenyewe kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu ya Kenya, kuanzia shilingi 50,000, ukipanga ziive mwezi wa karo. Kodi ni asilimia 15 ya riba. Riba yake imeshuka sana tangu ile 16 ya mwanzo wa 2024, na hilo lina sura mbili: unapata kidogo, lakini pia gharama yako ya kushika dhahabu imepungua. Kijana wako angekuwa na hoja nzito zaidi kama angeanzia hapo.

Ila na mzee naye muulize maswali. Ahero hupata mafuriko mto Nyando ukifurika. Ploti yenu iko upande gani? Vyumba vinne vitakula kiasi gani mpaka mpangaji wa kwanza aingie, na mkiishiwa saruji kwenye lenta itakuwaje? Chumba hakiuzwi kipande ukikwama. Anaona matofali ni salama kwa sababu anayagusa, kama kijana anavyoona dhahabu ni salama kwa sababu mchoro unapanda.

Huenda kuna nafasi ya wote wawili kwenye kinachobaki baada ya karo. Wengine hutenga sehemu ndogo, tuseme sehemu moja ya kumi ya akiba yote, wakaiweka kwenye dhahabu na kuinunua kwa vipande vya miezi kadhaa ili wasinase kwenye kilele kimoja kama cha Machi 2008. Hasara ya njia hiyo ni kwamba dhahabu ikipaa, utasikia ungeweka zaidi, na kijana atakukumbusha. Wengine huamua kutogusa kabisa, na wanaishi na hilo. Lililo zito kwako ni hili: kama 140,000 zingekuwa 100,000 mwakani, wewe na mzee mngeendelea kusemezana? Na kama ni 800,000 kuwa 560,000?

Jambo moja linanitia wasiwasi kuliko pesa yako: kijana ameweka akiba yake yote. Mtu wa namna hiyo huhitaji wenzake waingie ili apate usingizi. Unapomjibu, usimjibu kama mtu aliyekosea. Mwambie umempitia kazi yake, hatua ya kwanza umempa alama, ya pili inahitaji kurudiwa, kisha muulize yeye atafanya nini ikishuka asilimia 30 kabla ya kupanda, na kodi ya nyumba Nairobi inatoka wapi miezi hiyo. Mkifanya mazungumzo hayo, mzee awepo mezani. Asikie ukimhoji kijana, na kijana akusikie ukimuuliza mzee kuhusu Nyando.

Ukishajua karo ni kiasi gani hasa hadi mtoto amalize, niandikie tena na hiyo namba. Na ule mpango wa Ikolomani, naomba usitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujaona leseni.